Mdudu wa kidole na ukucha ulioingia nyamani: usaha utolewe lini?

"Daktari, shikamoo. Ninapika na kuuza chakula, mikono iko majini kutwa. Jumamosi nilitengeneza kucha saluni, wakanikata ile ngozi ya nyuma ya ukucha. Tangu Jumatatu kidole cha kati kimevimba, usiku kinapwita silali, na leo Alhamisi naona unjano pembeni. Mwanangu wa miaka 16 naye ana kidole gumba cha mguu kimevimba kona moja ya ukucha, wiki ya tatu sasa, kuna kinyama chekundu kinachotoka damu akiguswa. Duka la dawa wametupa amoksilini sote wawili, siku tatu hakuna nafuu. Je, ni ugonjwa mmoja? Nikitoboe kwa sindano niliyoichoma moto? Na ni kweli ukucha wa mtoto ung'olewe wote?"

Marahaba, mama. Kabla ya yote, kama kidole hicho kina pete, ivue sasa hivi. Paka sabuni au mafuta ya kula, inua mkono juu ya usawa wa moyo kwa dakika chache, kisha izungushe taratibu huku ukiivuta. Kidole kikiendelea kuvimba pete itabana mishipa ya damu, na hapo itabidi ikatwe.

Hayo ni maradhi mawili, si moja. Yanafanana kwa nje kwa sababu yote hukaa kando ya ukucha, lakini ndani ya kidole chako kuna usaha uliofungiwa, na ndani ya kidole cha mwanao kuna kipande cha ukucha kilichochoma nyama. Wewe unahitaji usaha upate njia ya kutokea. Yeye anahitaji kile kipande kiondoke. Kidonge hakifanyi lolote kati ya hayo, ndiyo maana siku tatu zimepita na nyote wawili mko palepale. Kwa unavyoeleza, wewe usisubiri zaidi ya kesho asubuhi. Mwanao ana nafasi ya siku kadhaa za kujipanga, isipokuwa ana kisukari au uvimbe umeanza kupanda kwenye mguu, na hilo nitalieleza.

Tuanze na kidole chako. Angalia kidole kizima cha mkono ule mwingine, hapo ukucha unapoingia chini ya ngozi upande wa nyuma. Utaona ukanda mwembamba wa ngozi kavu iliyogandana na ukucha. Watu wengi huuona kama uchafu wa kukwanguliwa, na ndio unaokatwa saluni. Kazi yake ni kuziba. Ngozi ya kidole inajikunja juu ya ukucha pande tatu, nyuma, kushoto na kulia, na chini ya mkunjo huo kuna uwazi mwembamba kama mfuko wa shati. Ule ukanda ndio unaofunga mdomo wa mfuko. Ukikatwa, maji, sabuni, mabaki ya chakula na vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu vinaingia, na vikishaingia havioshwi kirahisi. Mara nyingi anayesumbua ni bakteria aitwaye stafilokokasi, wakati mwingine streptokokasi. Kwa mtu anayeng'ata kucha au mtoto anayenyonya kidole, wanaingia na bakteria wa mdomoni pia. Kutoka siku ya jeraha hadi maumivu kuanza kwa kawaida hupita siku mbili hadi tano, na yako yameanza siku ya pili. Huo ndio mdudu wa kidole. Hakuna mdudu anayetembea humo, ni usaha.

Uvimbe huu una hatua mbili, na swali lako lote la kutoboa au kutotoboa linategemea uko hatua ipi. Mwanzoni ngozi imevimba, ina joto na inauma, lakini bado ni ngumu na hakuna usaha uliokusanyika. Hapo maji ya moto peke yake mara nyingi humaliza kazi. Baadaye vijidudu na chembe za damu zilizokufa zikipigana navyo hugeuka usaha, na usaha ukijikusanya mahali pamoja unajenga shinikizo. Kupwita unakokusikia usiku ni mapigo ya damu yanayogonga kwenye nafasi iliyobana, na kunazidi mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo.

Vitabu vingi huandika "tazama wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tazama badala yake ngozi inayong'aa, iliyokaza hadi mistari yake imepotea, yenye rangi iliyoiva au ya zambarau kidogo kuliko vidole vingine, na yenye joto ukiigusa kwa mgongo wa mkono mwingine. Kisha fanya kipimo kimoja rahisi. Kaa kwenye mwanga mzuri, bonyeza taratibu ile nyama ya ncha ya kidole upande wa chini, huku ukiangalia ngozi ya kando ya ukucha upande wa juu. Mahali penye usaha patapauka ghafla, doa lenye mpaka unaoonekana, jeupe au la njano kuliko ngozi inayolizunguka. Ukigusa doa hilo kwa ncha ya kalamu iliyofungwa, litabonyea na kurudi badala ya kuwa gumu. Unjano uliouona leo, ukiongeza na usiku usio na usingizi, unaniambia umeshafika hatua hii ya pili.

Usaha uliojifunga hauna mishipa ya damu ndani yake, kwa hiyo dawa unayomeza inafika ukingoni tu na kuishia hapo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vidonge kushindwa jipu popote lilipo mwilini. Sababu ya pili inahusu amoksilini hasa: stafilokokasi wengi hutengeneza kimeng'enyo kinachoivunja. Ndiyo maana tabibu akiona kidole kinahitaji antibiotiki huandika fluklosasilini, klosasilini au sefaleksini, kwa kawaida kwa siku 5 hadi 7, na kwa mtu aliyeng'ata kucha huandika amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti. Kama una mzio wa penisilini mwambie mapema, maana fluklosasilini na klosasilini ni za familia hiyohiyo. Lakini usishangae ukitolewa usaha na ukaambiwa huhitaji kidonge chochote. Kwa mtu mwenye afya, uvimbe ukiwa umekaa kando ya ukucha tu, usaha ukitoka tiba imekamilika. Antibiotiki huongezwa pale uvimbe na joto vinaposambaa kupita kiungo cha kwanza cha kidole, au mgonjwa ana homa, kisukari, au kinga dhaifu.

Sasa sindano iliyochomwa moto. Moto unaua vijidudu vya sindano, sikatai, ila hatari haiko kwenye sindano. Iko mahali unapoichoma. Ukitoboa kutoka juu ya ngozi kwenda chini, unapita kwenye usaha na kuendelea hadi mahali ukucha unapozaliwa, lile shina lililojificha chini ya ngozi ya nyuma. Shina likijeruhiwa, ukucha unaweza kuota na mfereji au mpasuko wa kudumu. Ukichoma pembeni na kwa kina, unapeleka usaha kwenye nyama ya ncha ya kidole, na hapo ugonjwa mdogo unageuka mkubwa. Tundu la sindano pia ni dogo, linajifunga baada ya saa chache huku usaha mzito ukiwa bado ndani. Na kukamua kwa vidole vya mkono mwingine ni vibaya kuliko hata sindano, kwa sababu usaha hauchagui njia ya nje, unaenda kule kunakopitika, mara nyingi chini ya ukucha.

Anayejua kazi hii mara nyingi hakati ngozi hata kidogo. Njia ya asili ipo tayari, ni ule mdomo wa mfuko. Kidole hulowekwa kwanza kilainike. Kisha unapigwa ganzi, lignokeini ya asilimia 1 au 2, kama mililita 1 hadi 2 kila upande wa shina la kidole, na kusubiriwa dakika tano hadi kumi. Usikubali kazi ianze kabla hujajaribiwa kama bado unasikia maumivu. Usaha ukiwa umekuja juu kabisa na ngozi iliyoufunika imekuwa nyeupe, imekufa, wengine hufanya bila ganzi na mgonjwa hasikii zaidi ya kuguswa. Halafu kifaa chembamba, iwe ncha ya kisu kidogo cha upasuaji au sindano pana, hulazwa bapa juu ya ukucha na kusukumwa taratibu kati ya ukucha na ngozi, pale palipovimba zaidi. Kifaa kinafuata uso wa ukucha, hakielekezwi chini. Ngozi ikinyanyuliwa usaha unatoka wenyewe, na lile shinikizo linakwisha dakika hiyohiyo. Ukishatoka, mfuko huoshwa kwa maji ya chumvi safi ya hospitali. Kama ulikuwa mkubwa, kipande chembamba cha shashi huachwa mdomoni kwa siku moja au mbili ili usijifunge mapema.

Kuna hali moja inayobadilisha mpango. Ukiona rangi ya njano au ya kijani chini ya ukucha wenyewe, si kando tu, usaha umeingia chini ya ukucha, na kunyanyua ngozi hakutoshi. Hapo itabidi sehemu ya ukucha iliyoinuliwa na usaha ikatwe, upande mmoja au sehemu ya nyuma, na ukucha wote kwa nadra. Kwa sababu hiyo ondoa rangi ya kucha kabla hujaenda, ili tabibu aone kilicho chini. Kama uliwekewa jeli au kucha ya kubandika, usiibandue kwa nguvu nyumbani, maana inaweza kuondoka na tabaka la ukucha wako. Waachie wao wakiwa wameshakupiga ganzi.

Usiku wa leo fanya hivi. Weka maji ya moto kwenye bakuli, moto unaovumilika kwa kiwiko, si ule wa kukufanya uutoe mkono. Zamisha kidole dakika 10 hadi 15, kikaushe vizuri, rudia mara tatu au nne kutwa. Chumvi kidogo si mbaya, ila kinachofanya kazi ni joto na unyevu, ngozi inalainika na damu inakuja kwa wingi. Usaha ukitoka wenyewe ndani ya bakuli, hiyo ni bahati njema, ufute kwa kitambaa safi na usikamue. Lala mkono ukiwa juu ya mto. Parasetamoli ya watu wazima, vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 inatosha kwa maumivu, usizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Kuna wanaochomeka kidole ndani ya ndimu, wengine wanapaka mafuta ya taa au maji ya betri. Ndimu inachoma ngozi iliyojeruhiwa bila kufungua chochote. Mafuta ya taa na maji ya betri yanaunguza, na nimeyataja ili usithubutu. Na kwa kuwa unapikia watu, usishike chakula kwa kidole hiki hadi kikauke kabisa, hata ukivaa glovu: stafilokokasi akiingia kwenye chakula kilichokaa anatoa sumu inayotapisha, na kupasha moto hakuiondoi sumu hiyo.

Baada ya kutolewa usaha, kesho yake anza tena kuloweka mara mbili au tatu kwa siku, funga kwa shashi kavu, na urudi kuonwa baada ya saa 24 hadi 48. Maumivu yanapaswa kupungua siku ileile. Kama siku ya pili bado kinapwita, kuna mfuko mwingine uliobaki, au ugonjwa si huu tuliodhani.

Hilo la mwisho linanifanya nikuonyeshe mambo matatu ambayo mtu huyaita mdudu wa kidole na kumbe siyo. La kwanza ni jipu la nyama ya ncha ya kidole, upande wa alama za vidole. Hapo kando ya ukucha pako sawa, lakini ncha yote imekaza kama jiwe na haibonyei. Nyama hiyo imegawanywa vyumba vidogo kwa nyuzi ngumu zilizoshikilia mfupa, hivyo shinikizo hupanda haraka na mfupa wenyewe unaweza kuoza. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo. La pili ni maambukizi ya mfuko unaoupitisha mshipa wa kukunjia kidole. Kidole chote huvimba kama soseji na kukaa kimejikunja kidogo, kinauma ukibonyeza upande wa kiganja urefu wake wote, na mtu mwingine akijaribu kukinyoosha kwa upole unapiga ukelele. Hata kama ni saa 8 usiku, nenda, maana kidole kinaweza kupoteza kazi yake ndani ya siku moja au mbili. La tatu ni virusi vya malengelenge, vilevile vinavyotoa vidonda mdomoni. Huleta vilengelenge vidogo vilivyojikusanya, vyenye maji safi si usaha mzito, na huanza kwa kuwasha au kuchoma. Huwapata watoto wanaonyonya kidole na watumishi wa afya. Hicho hakitobolewi kabisa, kwani kukikata kunafungua mlango kwa bakteria. Hupona chenyewe ndani ya wiki mbili hadi tatu.

Tuje kwa kijana. Mtazame anavyokata kucha za miguu na ugonjwa utauona ukianza. Anazungusha kikata kucha kwenye kona ili ukucha uwe duara kama wa mkono, na pale kona inapoingia ndani chombo hakifiki, kinabaki kijiti kidogo chenye ncha asichokiona. Ukucha unasonga mbele polepole, wa mguu kama milimita 1 hadi 2 kwa mwezi, na kila ukisonga ile ncha inachoma ngozi ya pembeni. Ongeza viatu vya shule vinavyobana mbele, soksi zenye jasho na mpira wa jioni, ngozi inasukumwa dhidi ya ncha hiyo kutwa. Mwili unauona ukucha kama mwiba. Unajaribu kuutoa kwa kuleta uvimbe, na ukishindwa unaotesha kile kinyama chekundu, laini, chenye unyevu, kinachotoka damu kikiguswa. Hicho ni nyama ya kidonda kinachojaribu kufunga huku mwiba ukiwa bado ndani. Usaha unaoweza kuuona hapo umekuja baadaye, na kwa kawaida unajitiririkia wenyewe kupitia ule ufa, haujifungi kama wako.

Kwa hiyo tofauti unaweza kuiona kwa macho. Kwako uvimbe umekaa nyuma na pembeni, umekuja ghafla ndani ya siku chache, na mahali panapouma zaidi ni kwenye ngozi iliyofunika shina la ukucha. Kwake maumivu yako kona ya mbele, upande mmoja, yamekuja kwa wiki, na yanazidi akivaa kiatu au ukibonyeza ukingo wa ukucha. Yanaweza kukutana kwenye kidole kimoja: ukucha uliochoma nyama ukifungua njia, jipu la kando ya ukucha linafuata. Ukibonyeza na kuona lile doa la kupauka kwenye kidole chake cha mguu, naye ana usaha wa kutolewa, lakini kuutoa bila kuondoa kipande cha ukucha ni kununua nafuu ya siku chache. Kwa maeneo ya vumbi hakikisha pia si funza, ambaye hupenda sana kukaa kando ya kucha za miguu. Yeye huwasha zaidi ya kuuma na huonyesha kitone cheusi katikati ya duara jeupe.

Kama angekuja wiki ya kwanza, akiwa na maumivu na uvimbe mdogo bila kinyama, ningemwambia aloweke mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20 mara mbili kutwa, akaushe, kisha kwa kidole aivute ngozi ya pembeni kuitenga na ukucha. Baada ya hapo husokotwa uzi mwembamba wa pamba safi, mnene kama kijiti cha kiberiti au chini yake, na kuingizwa taratibu chini ya kona ya ukucha ili iinuke, ukibadilishwa kila siku. Plasta nayo husaidia sana na watu hawaijui. Bandika ncha moja kwenye ile ngozi iliyovimba, karibu kabisa na ukucha, ivute ngozi mbali na ukucha kwa nguvu ya kadiri, halafu izungushe plasta kwa mshazari chini ya kidole hadi upande wa pili. Usiifunge duara kamili inayobana. Kwa kucha za hatua hii, wiki mbili hadi nne za kufanya hivyo kwa uaminifu, pamoja na kuvaa ndala, mara nyingi zinatosha.

Mwanao ameshapita hapo. Kinyama kikishaota plasta haishiki vizuri na pamba haiingii bila kumtesa. Aendelee kuloweka na kuvaa viatu vilivyo wazi wakati mnapanga, na mwombe ruhusa shuleni. Ila mimi nisingemchosha kwa miezi ya kujaribu. Apelekwe kutolewa ukingo wa ukucha.

Na hapa nasema wazi kuhusu kung'oa wote: sikubaliani nako kwa kijana huyu. Tatizo liko kwenye milimita 3 au 4 za ukingo mmoja, sehemu iliyobaki ni nzima. Ukucha ukiondolewa wote, nyama ya mbele ya kidole haina kitu cha kuikandamiza, inajiinua, na ukucha mpya unaochukua mwaka hadi mwaka na nusu kufika mbele unakutana na ukuta. Anarudi palepale baada ya maumivu yote hayo. Kinachofanyika vizuri ni hiki: ganzi kwenye shina la kidole, mpira mwembamba wa kuzuia damu kwa dakika chache, ukingo unapasuliwa kwa urefu kutoka mbele hadi chini kabisa ya ngozi ya nyuma, kisha unavutwa wote pamoja na ile ncha. Kinyama huisha chenyewe mwiba ukishatoka, au hukwanguliwa hapohapo.

Lakini ukiishia hapo, ukingo huo utaota tena kwa sababu shina lake lipo. Ndipo inapoingia fenoli, dawa kali ya asilimia 80 hadi 90 inayopakwa kwa kijiti cha pamba kwenye shina la ule ukingo tu, kwa jumla ya kama dakika moja hadi tatu, kisha husafishwa. Inaua sehemu hiyo ya shina, ukucha unabaki mwembamba kidogo maisha yake yote, na uwezekano wa kurudi unashuka sana. Gharama yake ni kwamba kidonda hutoa majimaji kwa wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi kidogo, na watu huogopa wakidhani kimeoza. Majimaji ya njano hafifu yasiyo na harufu mbaya ni ya kawaida. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu si ya kawaida. Hakikisha mpira uliofungwa umetolewa kabla hajashuka kitandani, uliza kwa sauti kama huoni. Fenoli isije ikanunuliwa na kupakwa nyumbani, inaunguza hadi kwenye nyama. Kama kituo cha afya kilicho karibu hakina fenoli, wanaweza kutoa ukingo peke yake kwa mara ya kwanza. Wakuambie mapema kwamba unaweza kurudi, na ukirudi mwende hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Ukucha wake ukishatulia, ukatwe ukiwa mkavu, moja kwa moja, kona zikionekana juu ya ngozi, usiwe mfupi kupita ncha ya kidole. Mtu mzima anapaswa kuona kona zote mbili kwa macho yake baada ya kukata.

Nyote wawili muulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda mkifika. Wewe huenda ulichanjwa ukiwa mjamzito, mweleze mtoa huduma ni dozi ngapi na lini. Omba pia sukari ipimwe, hasa wewe kama hii si mara ya kwanza, kwa sababu mdudu wa kidole unaojirudia wakati mwingine ndio unaoibua kisukari ambacho mtu hakukijua. Mwenye kisukari, au mwenye mguu uliopoteza hisia, asijaribu lolote kati ya haya ya nyumbani kwenye kidole cha mguu, aende siku ileile anapoona uvimbe. Na kwa mtu yeyote, homa na baridi, mstari mwekundu au mweusi unaopanda kwenye mkono au mguu, au mtoki kwapani au kwenye kinena, ni dalili kwamba vijidudu vimetoka kidoleni. Usisubiri asubuhi.

Kwa kazi yako ya maji, kuna umbo jingine la ugonjwa huu unalopaswa kulijua, linalokaa zaidi ya wiki sita. Halipwiti. Ngozi ya nyuma ya ukucha inakuwa nene na imejitenga, ule ukanda wa kuziba umepotea, na ukucha unaota na mawimbi ya kukingama. Vidole vingi hupatwa kwa pamoja. Watu hupaka dawa ya fangasi miezi na miezi, kwa kuwa fangasi huonekana humo wakipimwa, lakini kiini chake ni ngozi iliyochoshwa na maji na sabuni, na mafuta ya steroidi anayoandika daktari kwa wiki chache, pamoja na ukavu, hufanya kazi zaidi. Vaa glovu za mpira zenye glovu za pamba ndani, uzivue kila zikipata jasho, na mwambie fundi wa kucha asiguse tena ngozi ya nyuma. Ukanda huo huchukua miezi kuota upya, na hadi uote mlango uko wazi.

Jambo la mwisho ni la kidole kinachokataa kupona. Ukucha wa upande mmoja wenye kidonda kisichofunga kwa miezi miwili licha ya matibabu sahihi, au wenye mstari mweusi unaopanuka au weusi unaotambaa hadi kwenye ngozi ya nyuma, unahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama na kupimwa maabara. Kuna saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi hupenda hasa nyayo na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa na jeraha la mpira, na akafariki mwaka 1981. Ni ugonjwa wa nadra, na kwa unavyoeleza wala wewe wala mwanao hamna dalili zake.

Kesho ukifika, mwambie tabibu maneno haya: nimevimba kando ya ukucha tangu Jumatatu baada ya kukatwa ngozi, pana doa linalopauka nikibonyeza, nimemeza amoksilini siku tatu bila nafuu, naomba uangalie kama usaha utolewe. Kisha mwonyeshe na kijana, na umuulize kama wana fenoli.